Nyongeza ya mshahara inayokatwa mara mbili

Ukitazama jedwali la kodi ya mapato la Uingereza, ukiiacha Uskoti yenye viwango vyake, utakuta asilimia 20, 40 na 45. Asilimia 60 haimo. Hata hivyo mtu aliyepandishwa mshahara kutoka pauni 100,000 hadi 110,000 kwa mwaka atatozwa kodi ya pauni 6,000 kwenye hizo 10,000 zilizoongezeka.

Chanzo chake ni nafuu. Kila mlipa kodi wa kawaida hupewa pauni 12,570 za mwanzo zisizotozwa kitu. Lakini mapato yakivuka 100,000, nafuu hiyo huanza kumegwa: kila pauni mbili unazopata juu ya hapo zinakupotezea pauni moja ya nafuu, mpaka inapokwisha kabisa ukifika 125,140.

Tuchukue daktari aliyekuwa akilipwa 100,000 kamili, sasa ameongezewa 10,000. Yumo kwenye daraja la asilimia 40, kwa hiyo nyongeza yenyewe inatozwa 4,000. Hapo wengi huacha kuhesabu. Nyongeza hiyohiyo imempokonya nafuu ya pauni 5,000, yaani nusu yake. Pauni hizo 5,000 si fedha mpya, ni sehemu ya mshahara wake wa zamani ambayo mwaka jana haikuguswa. Mwaka huu nayo inatozwa asilimia 40, ambayo ni 2,000. Jumla 6,000. Ongeza mchango wa bima ya taifa wa asilimia 2, pauni 200, na daktari wetu anabaki na 3,800.

Tusichanganye mambo, maana hapa ndipo porojo za vijiweni huanzia. Asilimia 60 ni ya nyongeza, si ya mshahara mzima. Kodi yake yote ya mapato kwa mwaka ni 33,432, kama asilimia 30 ya 110,000. Na kila pauni anayoongezewa inamwachia kitu mfukoni, kwa hiyo anayekataa cheo eti kodi itamrudisha nyuma amekosea hesabu. Isipokuwa ana watoto wadogo. Serikali huwachangia wazazi wanaofanya kazi hadi pauni 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto katika gharama za kulelewa, na mzazi mmoja akivuka 100,000 hata kwa pauni moja, mchango huo hukatika wote. Huko kweli mtu anaweza kuongezewa mshahara akawa na fedha kidogo kuliko jana.

Kioja kiko juu zaidi. Ukipita 125,140 hakuna tena nafuu ya kumegwa, kwa hiyo pauni inayofuata inatozwa asilimia 45 tu. Anayelipwa 200,000 anakatwa kidogo kwenye nyongeza yake kuliko anayelipwa 110,000. Sioni hoja ya haki inayoweza kutetea mpangilio huo. Ulitangazwa na waziri wa fedha Alistair Darling mwaka 2009 na kuanza Aprili 2010, na mvuto wake kwa wanasiasa unaeleweka: mapato yanaongezeka bila kutangaza kiwango kipya. Wakati huo nafuu ilikuwa pauni 6,475, na eneo la asilimia 60 liliishia 112,950. Nafuu imepanda tangu hapo, lakini 100,000 haijasogezwa, na eneo hilo limekaribia kuwa maradufu.

Kwetu mtego huu haupo kwenye kodi ya mshahara. Kenya humpa kila mfanyakazi mkazi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, awe karani au mkurugenzi. Tanzania Bara haitozi shilingi 270,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi, na tajiri naye haondolewi haki hiyo.

Aliyeko Uingereza atautambua mtego kwenye hati yake ya mshahara. Namba ya kodi ya 1257L maana yake nafuu iko kamili; ya daktari wetu inapaswa kushuka hadi 757T. Ikibaki ya zamani, mwajiri anakata pungufu na deni litamfuata baadaye.

Njia halali ya kujinasua ni pensheni. Daktari akielekeza zile 10,000 kwenye mfuko wa pensheni, mapato yanayohesabiwa yanarudi 100,000 na nafuu yake inarejea nzima. Anajinyima 3,800 za mkononi ili aweke 10,000. Fedha hizo, hata hivyo, hazigusiki hadi umri wa miaka 55, utakaokuwa 57 kuanzia 2028, na sehemu kubwa yake itatozwa kodi atakapozichukua. Mwaka wa kodi wa Uingereza hufungwa tarehe 5 Aprili, kwa hiyo mchango unaolipwa tarehe 6 hauokoi chochote cha mwaka uliopita.