Nani Kaandika Mstari Huu? Saini ya Ufunguo Ndani ya Git

Jumapili ya tarehe 28 Machi 2021, badiliko dogo liliingia katika msimbo wa PHP, lugha ambayo WordPress na tovuti nyingi sana duniani zimeandikwa kwayo. Maelezo yake yalisema ni marekebisho ya kosa dogo la uandishi. Mwandishi aliyetajwa ni Rasmus Lerdorf, yule yule aliyeianzisha PHP miaka ya tisini. Nani angeuliza maswali?

Waliosoma mistari yenyewe ndio waliouliza. Hapakuwa na kosa la uandishi lililorekebishwa. Mistari ile iliiagiza seva ikague kila ombi linaloingia: likiwa na kichwa cha `User-Agentt`, kwa t mbili mwishoni, na maneno yake yakianza na `zerodium`, basi yanayofuata yatekelezwe kama programu. Kwa maneno mengine, anayelijua neno hilo angeiendesha seva ya mtu mwingine kama yake, ilimradi toleo lenye mistari hiyo lingewafikia watu. Badiliko likaondolewa. Punde likarudishwa, safari hii kwa jina la Nikita Popov, mmoja wa watunzaji wakuu wa PHP. Likaondolewa tena, kabla halijaingia katika toleo lolote. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyekuwa ameandika chochote.

Ili kuelewa jinsi jina la mtu linavyoweza kuvaliwa kirahisi hivyo, tuitazame Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 na ambacho watengenezaji programu wengi hukitumia kutunza msimbo wao. Kila badiliko linalohifadhiwa humo, ambalo mafundi huliita komiti, hubeba jina na barua pepe ya mwandishi. Git haina mahali inapohakikisha jina hilo. Hulichukua kutoka kwenye mipangilio ya kompyuta ya anayeandika, naye anaweza kuandika apendavyo:

```
git config --global user.name "Zuhura"
git config --global user.email "zuhura@example.com"
```

Tangu hapo, kila komiti itokayo kwenye kompyuta hiyo ni ya Zuhura, hata kama Zuhura yuko likizo Tanga na hana habari. Ni kama jina la mtumaji nyuma ya bahasha: posta hupeleka barua bila kuuliza aliyeliandika. Seva inayopokea kazi huuliza nenosiri, ni kweli, lakini nenosiri humtambulisha aliyeleta mzigo tu. Haliweki alama yoyote ndani ya komiti, na mtu mmoja anaweza kuleta kwa uhalali komiti kumi zilizoandikwa na wenzake.

Katika komiti ile ya kwanza ya PHP, chini ya maelezo, palikuwa na mstari wa `Signed-off-by` wenye jina la Lerdorf. Wengi hudhani hiyo ndiyo saini. Sivyo. Ni maandishi ya kawaida ambayo yeyote anaweza kuyachapa, na katika miradi inayoyatumia ni tamko tu kwamba mtu ana haki ya kuutoa msimbo huo.

Saini yenyewe hufanywa kwa jozi ya funguo. Ufunguo wa siri hubaki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Wa wazi hugawiwa kwa wote. Zuhura anapohifadhi komiti, programu huchukua kila kilichomo, yaani hali ya mafaili, komiti iliyotangulia, jina, tarehe na maelezo, kisha kwa ufunguo wa siri hutengeneza saini inayolingana na hivyo tu. Mwenzake mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuikagua ila hawezi kuitengeneza. Ikibadilishwa herufi moja ya maelezo, saini haikubali tena.

Zamani kazi hii ilihitaji programu ya GPG, ambayo imewachosha wengi. Tangu toleo la 2.34 la mwaka 2021, Git inakubali pia ufunguo wa SSH, ule ule ambao mafundi wengi tayari wanao kwa kuingia kwenye seva. Zuhura anahitaji mistari mitatu:

```
git config --global gpg.format ssh
git config --global user.signingkey ~/.ssh/id_ed25519.pub
git config --global commit.gpgsign true
```

Hapo kazi ya Zuhura imekwisha, lakini nusu iliyobaki ndiyo watu huiruka. Saini inathibitisha kwamba ufunguo fulani ulitumika. Kwamba ufunguo huo ni wa Zuhura, hilo wenzake lazima walijue kwa njia nyingine. Kwa hiyo ofisi huweka faili la wanaotambuliwa, kila mtu na mstari wake, barua pepe ikifuatwa na ufunguo wa wazi, na kila mmoja huielekeza Git yake huko kupitia `gpg.ssh.allowedSignersFile`. Mwenzake akiandika `git log --show-signature`, ataona maneno `Good "git" signature for zuhura@example.com`. Akiona `No principal matched`, ajue saini ni nzima ila mwenye ufunguo hatambuliki. Asiipuuze, kwa kuwa mwigaji mwenye ufunguo wake mwenyewe ataonekana hivyo hivyo. Mtu makini humpigia Zuhura simu kabla ya kuongeza ufunguo mpya kwenye faili. Kuupokea kwa ujumbe wa barua pepe ambao yeyote angeweza kuutuma ni kurudi pale pale tulipoanzia.

Kwenye GitHub ukaguzi huo hufanywa na tovuti, nayo huandika `Verified` kando ya komiti. Wengi hukwama kwa sababu ufunguo wa SSH wa kuingilia na wa kusaini husajiliwa kwa aina mbili tofauti, hata kama ni ufunguo mmoja. Aliyesajili ule wa kuingilia tu atashangaa kuona `Unverified`. Tena, komiti kadhaa zikiunganishwa kuwa moja kupitia kitufe cha tovuti, inazaliwa komiti mpya yenye saini ya GitHub, na ile ya Zuhura haimo tena.

Saini pia haisemi kama msimbo ni mwema. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mtunzaji wa mradi wa XZ, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya matoleo yake mwenyewe. Matoleo hayo alikuwa ameyatia saini kwa ufunguo wake halali. Wenzake walijua barabara nani ameyatoa, na haikuwasaidia kitu. Kule kwenye PHP kilichookoa mambo ni macho ya wasomaji. Saini ingewapunguzia tu kazi ya kuuliza kama ni Lerdorf kweli.

Na Zuhura akiacha kazi? Mstari wake usifutwe, la sivyo komiti zake zote za zamani zitaonekana za mtu asiyejulikana. Huongezwa `valid-before` na tarehe, na Git itaukataa ufunguo kwa komiti za baada ya hapo. Ufunguo ukiibwa, hata hivyo, tarehe haitoshi. Git hutazama tarehe iliyoandikwa ndani ya komiti, na mwizi anaweza kuirudisha nyuma apendavyo. Wa kuibwa huingizwa kwenye faili la funguo zilizofutwa, `gpg.ssh.revocationFile`, na gharama yake ni kwamba saini zote za Zuhura, hata za halali, zitakataliwa kuanzia siku hiyo.