Risiti ya Fundi Simu

Risiti nyingi za fundi simu husema "matengenezo, 45,000" na kuishia hapo. Kioo kikigoma baada ya mwezi, ubishi unaanza: kilifungwa kipi, lini? Afadhali risiti itaje tatizo lililoletwa, kipuri kilichofungwa, tarakimu nne za mwisho za IMEI, bei ya kipuri kando na ufundi, na tarehe kamili waranti inapoisha: 14 Juni, si "miezi mitatu".

Juu kabisa jina la duka, kwa rangi ileile ya kibao cha mlangoni, na namba ya simu isomekayo. Nembo kubwa katikati ya karatasi hufunika mwandiko, mimi ningeiondoa. Karatasi ya mashine hufifia kwa joto, hivyo waranti iandikwe kwa kalamu, kwenye kitabu chenye nakala ya kaboni.