Kiwango cha Kujifunza Hushuka Lini Chini ya 0.001?

Nchini Uganda zimekusanywa picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, ili kompyuta ifundishwe kutambua magonjwa ya zao hilo. Kila modeli inapokosea, hurekebisha namba zake za ndani. Ukubwa wa marekebisho hayo hutegemea kiwango cha kujifunza. Mwanzoni kiwango kikubwa kinafaa, maana modeli haijui lolote. Baadaye kiwango kilekile huifanya ipite shabaha, irudi, kisha ipite tena.

Dawa mojawapo ni kukizidisha kiwango kwa namba isiyobadilika kila raundi inapokwisha. Tuseme kinaanza 0.1 na kizidisho ni 0.9. Raundi ya pili hutumia 0.09, ya tatu 0.081. Kinachopunguzwa nacho kinazidi kuwa kidogo, kwa hiyo sifuri haifikiwi kamwe. Tunachoweza kuuliza ni lini kitashuka chini ya kiasi fulani, tuseme 0.001.

Kutoka 0.1 hadi 0.001 ni kubaki na sehemu moja ya mia, kwa hiyo tunatafuta n inayotimiza 0.9^n < 0.01. Hapa logi za sekondari zinatosha. Logi ya 0.01 ni -2, na ya 0.9 ni karibu -0.0458. Tunagawanya -2 kwa -0.0458, na kwa kuwa tunagawanya kwa namba hasi, alama ya "ndogo kuliko" inageuka: n > 43.7. Ukihakiki, baada ya kupunguza mara 43 kiwango ni 0.00108, bado kiko juu. Mara ya 44 ni 0.00097. Kumbuka raundi ya kwanza ilitumia 0.1 nzima, hivyo raundi ya kwanza kufanyika chini ya 0.001 ni ya 45. Kwa kizidisho cha 0.99, ungehitaji kupunguza mara 459.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la kuweka amri ya kupunguza mahali pasipo pake. Picha hizo hulishwa kwa mafungu. Mafungu ya picha 64 ni zaidi ya 320 kwa raundi. Kiwango kikipunguzwa kila fungu badala ya kila raundi, kitashuka chini ya 0.001 kabla ya hata moja ya saba ya raundi ya kwanza. Makosa ya modeli yatashuka kidogo kisha yagande, na mtu ataanza kulaumu picha. Chapisha kiwango mwishoni mwa kila raundi. Ya kwanza ikiisha, kisome 0.09.

Hata amri ikikaa sawasawa, kuna mpaka. Jumlisha 0.1, 0.09, 0.081 na kuendelea bila kikomo: jumla haifiki 1. Modeli iliyoanzia mbali inaweza kuishiwa hatua njiani, na kuiongezea raundi hakutaifikisha. Kwa 0.99 jumla hiyo hukaribia 10, na hapo modeli ina nafasi ya kutosha zaidi kusogea.