Shoti ya Toti Tisa

Kuhesabu bia ni rahisi, maana chupa ikifunguliwa imeuzwa yote. Kazi iko kwenye pombe kali zinazouzwa kwa toti, ambapo asubuhi unakuta chupa imebaki nusu, au karibu nusu, na ile "karibu" ndiyo inayoleta ugomvi kati ya mwenye baa na mtu wa kaunta.

Wengi hukadiria kwa macho, wakiigawa chupa katika sehemu kumi. Kwa chupa ya mililita 750, ukikosea nusu ya sehemu moja tu umeshapoteza zaidi ya toti. Tena chupa nyingi huwa nyembamba juu, kwa hiyo kina kilekile cha shingoni na cha tumboni hakibebi pombe sawa. Mzani wa jikoni unamaliza ubishi huo. Pima chupa iliyojaa, kisha tupu ya aina hiyohiyo; tofauti yake ni uzito wa pombe.

Tuchukue mfano wa wiski. Chupa iliyojaa ina gramu 1,192, tupu 480, kwa hiyo pombe ni gramu 712. Toti ikiwa ya mililita 30, chupa inatoa toti 25, na kila toti ina gramu 28.5 hivi. Jumatatu kabla ya kufungua, kaunta ina chupa mbili nzima na moja iliyofunguliwa yenye gramu 908. Ukitoa 480 zinabaki 428, yaani toti 15. Jumla ni toti 65. Katikati ya wiki zinaingia chupa tatu, toti 75, jumla 140. Jumatatu inayofuata, saa ileile, zimebaki toti 35. Zilizotumika ni 105, lakini daftari la mauzo linaonyesha 96. Kuna shoti ya toti tisa.

Hapo wenye baa wengi hukimbilia kukata mshahara. Mimi naona ni dhuluma kufanya hivyo kabla ya kuangalia mkono unaomimina. Toti tisa ni mililita 270. Zigawanye kwa toti 96 zilizouzwa, unapata chini ya mililita tatu kwa kila glasi. Anayemimina bila kipimo hawezi hata kuiona. Dalili yake ni kwamba shoti hutokea kwa kila aina ya pombe, kwa kiwango kinachokaribiana. Shoti ikiwa kwenye aina moja tu, na inakaribia toti 25, tafuta chupa nzima iliyouzwa bila kuandikwa.

Mzani hauoni kila kitu. Chupa iliyoongezwa maji itapita kama nzima, na chupa iliyoletwa kutoka nje ikauzwa kaunta haitaacha shoti yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kumkata mtu, mpe chupa ya maji amimine toti kumi kwa mkono wake wa kila siku kwenye jagi lenye alama. Zikifika mililita 328 badala ya 300, mnunulie kipimo na umwachie mshahara wake.