Duka Limejaa, Mwenyewe Kafilisika

Daftari la mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru halina dalili ya hatari. Bidhaa zimeandikwa shilingi milioni 4, bei ya kununulia. Wateja waliokopa wanadaiwa milioni 1.5, kiwanja ni milioni 3.5, lori milioni 1.6. Jumla ni milioni 10.6, naye anadaiwa milioni 9.9. Kwa hesabu hiyo bado ana laki saba zake. Mtu huyu ni wa kubuni, lakini daftari kama lake si geni.

Akishindwa kulipa na kutangazwa muflisi, hutakiwa kuandika taarifa ya mali na madeni yake. Taarifa hiyo haiulizi kitu kilinunuliwa kwa ngapi. Inauliza kikiuzwa sasa kitaleta ngapi. Saruji iliyoganda haina mnunuzi, kwa hiyo bidhaa zinashuka hadi milioni 1.8. Kati ya waliokopa, mmoja amehama na mwingine ni shemeji; laki sita ndizo zinazotarajiwa. Lori litaleta milioni 1. Kiwanja tu ndicho kimeshikilia bei yake.

Sasa wadai wanapangwa. Wenye dhamana hawasubiri foleni. Benki iliyoshika hati ya kiwanja inadai milioni 3: itajilipa yote na kurudisha laki tano kwa wengine. Aliyekopesha kwa dhamana ya lori anadai milioni 1.4, na lori halimtoshi. Laki nne zilizobaki zinamshusha hadi kundi la wasio na dhamana, na hapa ndipo wengi hukosea: huliacha deni lote upande wa dhamana, pengo likaonekana dogo kuliko lilivyo.

Mali huru basi ni bidhaa, madeni ya wateja na ile ziada ya kiwanja: milioni 2.9. Katika fungu hili, Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inatanguliza mishahara ya miezi minne ya mwisho kabla ya ufilisi, kisha kodi. Wafanyakazi wanadai laki tatu na serikali laki sita. Inabaki milioni 2.

Wasio na dhamana wanadai milioni 5: wauzaji wa jumla milioni 4.6, pamoja na zile laki nne za lori. Pengo ni milioni 3, na kila shilingi inayodaiwa italipwa senti 40.

Lakini zile laki saba za daftarini zilikwenda wapi? Taarifa hudai maelezo hayo pia. Bidhaa zimepoteza milioni 2.2, madeni ya wateja laki tisa, lori laki sita: milioni 3.7. Toa laki saba, unabaki na milioni 3 zilezile. Hesabu hizi mbili zisipokutana, kuna mali iliyofichwa au deni lililosahauliwa.

Senti 40 zenyewe ni makadirio, kabla ya gharama za msimamizi wa ufilisi, ambazo hulipwa hata kabla ya mishahara. Kila laki tano inayopungua kwenye fungu lao huwaondolea wauzaji wa jumla senti 10 nyingine katika kila shilingi.