Chapa ya supamaketi au chapa yako? Hesabu ya chupa moja ya mawese

KABALO – Mafuta ya mawese yanayouzwa kwa bidoni sokoni Kabalo, jimbo la Tanganyika, hayana jina. Siku mzalishaji anapoanza kuyatia katika chupa na kubandika chapa yake, swali hubadilika: supamaketi ya mjini ikimwomba ajaze mafuta yale yale katika chupa zenye jina la duka, akubali?

Tuchukue mfano. Kiwanda kidogo kinaweza kutoa lita 2,000 kwa mwezi. Kila lita, pamoja na chupa, inagharimu faranga 2,000. Kodi ya nyumba na mishahara ni faranga 1,000,000. Kwa chapa yake, kiwanda kinauza lita 1,200 kwa faranga 3,000 kila moja. Baada ya gharama zote, kinabaki na 200,000.

Supamaketi inataka lita 800 kwa faranga 2,500, chini ya jina lake. Kila lita inaacha 500, jumla 400,000. Faida inapanda hadi 600,000, kwa kuwa mashine zilikuwa zimekaa bure.

Lakini chupa hizo mbili zitakaa rafu moja: ya duka kwa 2,900, ya mzalishaji kwa 3,300. Duka linapata 400 kwa chupa yake na 300 kwa ile nyingine, kwa hiyo lina sababu ya kuisukuma ya kwake. Wateja wa lita 400 wakihamia chupa ya bei nafuu, mzalishaji anapoteza 400,000, na faida yote ya mkataba imekwisha. Hapa kila lita ya chapa yake inayopotea inafuta faida ya lita mbili za duka.

Hivyo mzalishaji auze kwa duka nafasi iliyobaki tu kiwandani, na abakize tofauti inayoonekana: mafuta yaliyochujwa zaidi au chupa ya kipimo kingine. Aangalie pia siku za malipo. Akilipwa baada ya siku 90, atakuwa ametoa faranga 4,800,000 kabla ya kupokea hata moja.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Nakumatt ya Kenya, iliyokuwa na bidhaa za chapa yake ya Blue Label, iliangushwa na madeni, na mwaka 2020 wadai waliamua ifungwe. Miongoni mwao walikuwa wauzaji waliokuwa wamejaza rafu zake.

Supamaketi nayo isiiondoe chupa ya 3,300. Bila hiyo, mteja hana cha kulinganisha, na 2,900 haionekani tena kuwa nafuu. Na mafuta yakiharibika, jina litakalolaumiwa ni la duka, hata kama aliyeyajaza ni mwingine.