Samawati ya Anga Katika Kipindi cha Watoto

Katika mswada wangu wa kwanza wa kipindi cha redio cha watoto wa miaka 5 hadi 7, niliandika hivi: “Mwanga wa jua ukigonga hewa, hugeuka kuwa wa samawati.” Sentensi fupi, na mtoto anaielewa papo hapo. Lakini si kweli. Hewa haigeuzi rangi ya mwanga. Samawati tunayoiona imo ndani ya mwanga mweupe tangu unapotoka kwenye jua, imechanganyika na nyekundu, njano, kijani na rangi nyingine zote za upinde wa mvua. Hewa huichambua tu.

Niliifuta sentensi ile kwa sababu inamkwamisha mtoto jioni ya siku hiyohiyo. Kama hewa hugeuza mwanga uwe wa samawati, mbona jua linapotua anga huwa nyekundu? Itabidi tumtungie jibu la pili, lisilohusiana na la kwanza. Tangu hapo nimejiwekea kipimo kimoja: sentensi inayoeleza anga ya mchana lazima iweze kueleza na machweo. Tunaweza kumfichia mtoto mengi, lakini kile kidogo tunachompa kisije kikahitaji kubomolewa atakapofika sekondari.

Kwa mtu mzima, maelezo yenyewe ni haya. Hewa ni chembe za naitrojeni na oksijeni, ndogo mno kuliko wimbi la mwanga. Wimbi linapopita, huitikisa chembe, na chembe inayotikiswa hurusha sehemu ya mwanga huo pande zote. Mwanga wa samawati hutikisa kwa kasi zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo hutawanywa zaidi. Mwingereza John Strutt, ambaye baadaye aliitwa Lord Rayleigh, alionyesha mwaka 1871 ukubwa wa tofauti hiyo. Wimbi la mwanga mwekundu lina urefu wa takriban nanomita 700, na la samawati takriban 450. Gawanya 700 kwa 450, upate 1.56. Zidisha jibu hilo kwa lenyewe hadi ziwe 1.56 nne zilizozidishwa pamoja, nawe utapata karibu 6. Yaani samawati hutawanywa karibu mara sita ya nyekundu.

Hesabu hiyo haiingii kwenye mswada wa watoto, wala neno “wimbi” haliingii, maana mtoto wa miaka sita akisikia wimbi anaona bahari. Na bahari ndiyo inayotuletea kosa lililoenea kuliko yote, kwamba anga ni ya samawati kwa sababu inaakisi maji. Watoto wa Dodoma wana anga ileile na bahari wako mbali nayo. Kwa hiyo kitenzi ninachokishikilia ni “kutawanya”, na “kuakisi” sikitumii kabisa. Aliyewahi kuona mahindi yakitupiwa kuku uani anajua kutawanya ni kitendo gani.

Jina la rangi nalo lina mtego wake. “Samawati” limetokana na neno la Kiarabu la mbingu, kwa hiyo swali letu likichunguzwa linauliza kwa nini mbingu ina rangi ya mbingu. Watoto wengi siku hizi husema “bluu”, nami humwachia mtoto wa kwenye kipindi aseme bluu, kisha bibi yake aseme samawati, ili wasikilizaji wayapate yote mawili. “Mbingu” pia nimeiweka kando nikachukua “anga”, maana kwa mtoto mdogo mbinguni ni kwa Mungu, na hapa tunazungumza habari ya hewa.

Swali lililonisumbua kuliko yote liliulizwa na msichana mmoja tulipokuwa tukiujaribu mswada wa pili mbele ya watoto. Alitazama huku na huku chumbani akauliza: “Na hewa ya humu ndani, mbona siioni bluu?” Ni swali la haki kabisa, na mswada haukuwa na jibu. Jibu ni kwamba kila chembe hutawanya mwanga kidogo sana, na hewa ya chumba kimoja haitoshi macho yetu kuona. Hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kama ingekuwa nzito kote kama hii tunayoivuta, ingefika kimo cha kilomita 8 hivi. Huo ndio unene unaotupa anga. Mtoto anaweza kuiona hewa yenyewe akitazama milima iliyo mbali. Milima ya Uluguru ina misitu ya kijani, lakini ukiitazama kutoka mbali siku ya jua inakuwa ya samawati, kwa sababu kati yako nayo kuna kilomita nyingi za hewa inayotawanya mwanga. Ukiikaribia, kijani hurudi.

Hivi ndivyo sehemu hiyo ilivyokaa mwishoni:

MTOTO: Shikamoo, bibi.
BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umeinua shingo hivyo?
MTOTO: Naangalia anga. Nani aliipaka bluu?
BIBI: Haikupakwa. Mwanga wa jua umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Unapopita kwenye hewa, hewa huzitawanya rangi hizo, na samawati hutawanywa kuliko nyekundu. Inakuja kutoka huku, inakuja kutoka kule, kila upande ukitazama unaiona.
MTOTO: Na jioni?
BIBI: Jioni jua liko chini, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi sana kabla ya kutufikia. Samawati imetawanyika njiani. Inayobaki ni ipi?
MTOTO: Nyekundu!

Baada ya hapo bibi huchukua glasi ya maji, kwa sababu maneno peke yake hayatoshi. Jaza glasi isiyo na rangi, tia giza chumbani, washa tochi ya simu ubavuni mwa glasi, kisha dondosha maziwa tone moja moja, ukikoroga kila mara. Baada ya matone machache, ukitazama kwa pembeni maji huwa na weupe wa kisamawati. Ukitazama kutoka upande wa pili, mwanga wa tochi ukija moja kwa moja kupitia majini, unaonekana wa manjano au rangi ya chungwa. Mchana na jioni vimekaa ndani ya glasi moja.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: wanatia kijiko kizima. Mwanga hutawanywa tena na tena, rangi zote zinachanganyika upya, na glasi inakuwa nyeupe tupu. Ukiona weupe, mwaga nusu uongeze maji. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hufanya vizuri zaidi, kwani matone ya mafuta ni makubwa na hutawanya rangi zote karibu sawasawa, kama yafanyavyo matone ya maji kwenye wingu jeupe. Na mswada lazima umwambie mtoto aitazame anga akiwa amelipa jua mgongo, asilikodolee macho hata mara moja.

Linabaki swali la zambarau. Rangi hiyo hutawanywa zaidi hata ya samawati, basi mbona anga si ya zambarau? Jua hutoa mwanga mchache wa zambarau kuliko wa samawati, na macho yetu huiona kwa udhaifu. Bibi haelezi hilo mpaka aulizwe. Ndiyo maana nimemwandikia aseme samawati hutawanywa “kuliko nyekundu”, wala si “kuliko rangi zote”.